Nataka kuacha kazi nikiwa na miaka 50. Nitenge kiasi gani kwa maradhi?

Assalamu alaykum Mshauri. Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Chake Chake, nina miaka 46. Nimepanga niache kazi nikifika 50 na tuishi kwa mali tuliyochuma: nyumba ya kupangisha, hatifungani za serikali na fedha za UTT. Thamani yake sasa ni shilingi milioni 205, na kila mwaka huongezeka kama milioni 25, akiba na faida pamoja. Matumizi yetu ni milioni 9.6 kwa mwaka. Nimezidisha mara 25 nikapata milioni 240, na hapo ndipo nilipoweka alama ya kuacha kazi. Matibabu nimeyaandikia shilingi 120,000 kwa mwaka, kwani bima ya kazini hulipa yaliyobaki.

Mume wangu ana miaka 52, ni fundi wa mashua, na ana presha. Watoto wawili wako skuli. Nimepewa bei mbili za bima binafsi kwa sote wanne. Ya kwanza ni milioni 2.4 kwa mwaka, inalipa huduma za nje, meno na macho, na kulazwa hadi milioni 20 kwa familia. Ya pili ni milioni 1.6, inalipa kulazwa tu, hadi milioni 40. Zote mbili hazilipi maradhi ya zamani ndani ya miezi 12 ya mwanzo, na aliyepita miaka 60 hapokewi. Mimi naelekea ya kwanza kwa kuwa angalau tutaitumia. Mume wangu anasema hospitali za serikali zipo, tuweke akiba tu, na likija kubwa tutauza mikarafuu. Nani kati yetu yuko sawa, na hiyo akiba iwe kiasi gani?

Mama wa Wawili, Chake Chake

Wa alaykumu salaam, Mama wa Wawili.

Hesabu yako umeipanga vizuri ila mstari mmoja. Ile 120,000 si gharama ya matibabu ya nyumba yako. Ni gharama inayobaki baada ya mwajiri wako kulipa, na siku utakayokabidhi funguo za ofisi kadi ya bima nayo utaikabidhi. Wengi wanaopanga kujitegemea mapema hukosea hapa, kwa sababu wanaandika matumizi ya leo wakiwa chini ya mwavuli wa mwajiri, kisha wanayazidisha kwa miaka 40 ambayo mwavuli huo hautakuwepo.

Nitaanza na suala la bima ipi, kwani akiba yako itategemea jibu lake. Umesema unaelekea ya kwanza kwa kuwa mtaitumia. Hiyo ndiyo sababu ya kuiacha. Dawa za presha, kipimo cha sukari, jino na miwani ni gharama ndogo zinazojirudia, na kampuni inayokulipia huziingiza kwenye ada yako pamoja na gharama zake za uendeshaji. Bima inafaa kwa jambo ambalo halitokei mara nyingi, lakini likitokea huwezi kulibeba. Nyumba yako inaweza kubeba dawa za presha. Haiwezi kubeba upasuaji wa moyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete kisha ikaendelea kusimama kama ulivyoipanga.

Tuzitazame bei zenyewe. Ukichukua ya pili, huduma za nje utazilipa mfukoni, na nakadiria shilingi 480,000 kwa dawa za mumeo, 420,000 kwa kliniki na vipimo vya wote, na 300,000 kwa meno na miwani. Jumla ni milioni 1.2, ukiongeza ada ya milioni 1.6 unapata milioni 2.8 kwa mwaka. Ukichukua ya kwanza, ada ni milioni 2.4 na vidogo visivyolipwa tuseme 200,000, yaani milioni 2.6. Kwa hiyo katika mwaka wa salama bima uipendayo ina nafuu ya shilingi 200,000. Katika mwaka mbaya inakuacha na pengo kubwa zaidi, hadi milioni 20. Mimi ningelipa hizo 200,000 kila mwaka, na dawa ndogo ndogo ningezitafuta hapo hapo Chake Chake.

Lipo sharti moja, na ukilikuta limekaa vibaya basi shauri langu linageuka. Uliza kwa maandishi: matibabu makubwa yanayofanywa bila mgonjwa kulala hospitali yamo katika bima ya kulazwa, au yanahesabiwa kuwa huduma za nje? Dripu za saratani mara nyingi hutolewa asubuhi na mgonjwa akarudi alikofikia jioni. Mionzi ni hivyo hivyo. Usafishaji wa damu kwa mwenye figo zilizoshindwa huchukua kama saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na mgonjwa hurudi kwake siku hiyo hiyo. Kampuni ikisema hizo ni huduma za nje, basi bima yako ya milioni 40 haigusi matibabu matatu kati ya yale unayoyaogopa zaidi. Wakala akikujibu kwa mdomo kwamba "usijali, yamo", mwambie akuonyeshe kifungu katika hati ya bima, umuulize pia ni mara ngapi kwa wiki na kuna ukomo gani ndani ya ukomo. Nimeona hati inayotangaza mamilioni kwenye ukurasa wa mbele, na ndani imeandikwa kwamba maradhi sugu yana sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Figo ninazitaja kwa makusudi, kwa sababu zinaonyesha akiba inafika wapi na inaishia wapi. Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Tuseme kila safari ni shilingi 200,000, hiyo ni zaidi ya milioni 31 mwaka mmoja, na mwaka wa pili tena, na wa tatu. Akiba ya milioni 20 itakwisha kabla mwezi wa nane haujamalizika. Akiba ya maradhi huwekwa kwa pigo linalokuja, likaumiza, likapita. Maradhi yanayolipiwa kila wiki bila mwisho yanahitaji bima au kipato, na hakuna nyumba ya kawaida inayoweza kuyawekea fungu la fedha likatosha.

Mumeo nimjibu kwa heshima yake. Ni kweli hospitali za serikali zipo, tena tangu Mapinduzi tumelelewa tukijua matibabu ni ya bure, na mpaka leo mtu wa Pemba huanzia Chake, Wete au Abdalla Mzee pale Mkoani. Lakini rufaa ikiandikwa kwenda Mnazi Mmoja, na kutoka hapo kwenda Dar es Salaam, gharama haiwi ya daktari peke yake. Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza ami yangu kwenda kupigwa mionzi Ocean Road. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki, kwa dakika chache tu kila siku, na wakati uliobaki mnaishi mjini. Risiti nilizitia katika kopo la biskuti, na tuliporudi nilizitandaza mkekani nikazipanga. Matibabu yenyewe bima yake ilikuwa imelipa. Kopo zima lilikuwa chumba, chakula, bajaji, tiketi za boti, na dawa ambazo dirisha la dawa lilituambia tukazitafute nje.

Hilo kopo ndilo tutakalotumia kupima akiba yako. Chukua mfano kwamba mumeo, Mungu amuepushe, anapata saratani ya kutibiwa Dar kwa siku 50, nawe uko naye. Chumba cha kawaida kwa shilingi 35,000 ni milioni 1.75. Chakula chenu kwa 25,000 kwa siku ni milioni 1.25, na usafiri wa mjini kwa 15,000 ni 750,000. Safari tatu za kwenda na kurudi kwa watu wawili, kwa 150,000 kila mtu, ni 900,000. Hapo mmefika milioni 4.65 na hamjalipa sindano hata moja. Ongeza milioni 1.5 ya vipimo vya mwanzo, vilivyofanywa hapa na pale kabla maradhi hayajajulikana jina, milioni 3 ya dawa zisizomo kwenye orodha ya bima, 600,000 ya mtu wa kukaa na watoto, na milioni 2.4 ya miezi sita ambayo mumeo hakuchonga ubao. Inakuwa milioni 12.15. Kisha acha nafasi kwa bili inayovuka ukomo au kitu kinachokataliwa, tuseme milioni 6. Ni milioni 18 na kidogo, nami naizungusha iwe milioni 20. Bei hizi ni za mfano, kaa na mumeo mziandike upya kwa bei mnazozijua, ila mistari msiifute.

Ungebaki na bima ya kwanza, mstari ule wa mwisho usingeweza kuwa milioni 6. Ukomo wa milioni 20 ni wa familia nzima, si wa mtu mmoja, na akilazwa mtoto mwaka huo huo mtagawana kilichobaki. Ningekuambia utenge angalau milioni 30.

Sasa turudi kwenye alama yako ya milioni 240. Ile kanuni ya kuzidisha mara 25 ilitoka Marekani, katika kazi ya mshauri wa fedha William Bengen ya mwaka 1994, na aliipima kwa soko la kwao na kwa miaka 30 ya kustaafu. Wewe unakusudia miaka 40 au zaidi, lakini kwa chakula, umeme na ada za skuli nitaiacha kama ulivyoiweka, kwa kuwa mambo hayo mnaweza kuyapunguza mwaka ukiwa mgumu. Matibabu hayapunguziki. Bei zake huelekea kupanda haraka kuliko za sokoni, na juu ya hapo nyinyi wenyewe mnazeeka, kwa hiyo ada ya bima hupanda kwa sababu mbili kwa pamoja. Riba ya hatifungani yako, kwa upande mwingine, imeandikwa siku uliyonunua na itabaki ile ile mpaka iive. Ndiyo maana mstari wa matibabu mimi huuzidisha mara 33.

Ondoa ile 120,000, matumizi mengine yanabaki milioni 9.48, mara 25 ni milioni 237. Matibabu milioni 2.8 mara 33 ni kama milioni 92. Ongeza akiba ya milioni 20, unafika karibu milioni 350. Kwa mwendo wako wa milioni 25 kwa mwaka, ukifika 50 utakuwa na kama milioni 305, na ukifika 52 utakuwa na 355. Kwa hiyo hesabu kamili inakutaka miaka miwili zaidi kazini. Ukiona miaka miwili ni mingi, ipo njia nyingine: uache kazi ukiwa na 50, na kwa muda uandike vitabu vya hesabu vya maduka mawili matatu pale mjini kwa kipato cha 233,000 kwa mwezi, ambacho ndicho hicho hicho cha milioni 2.8 kwa mwaka. Wakati huo milioni 48 zinazobaki baada ya kutenga 237 na 20 zinakaa zikikua kwa ajili ya ada za uzeeni. Watoto wakishatoka mikononi mwenu ada itapungua, na pensheni yako ya ZSSF, ambayo sikuihesabu popote, itakuja kusaidia. Ningekuwa wewe ningechagua njia hii, lakini mimi si niliyechoka na ofisi.

Jambo la wakati lina uzito kuliko hata kiasi. Usingoje siku ya mwisho kazini ndipo ukajiunge na bima yako. Maradhi ya zamani hayalipwi ndani ya miezi 12, na presha ya mumeo imeshaandikwa kwenye faili lake. Ukijiunga siku unayoacha kazi, akipata kiharusi mwezi wa tano kampuni itasema kimetokana na presha, na hapo hamna bima ya zamani wala mpya. Jiunge mwaka mmoja na mwezi kabla ya kuondoka, ili muda wa kusubiri uishe bima ya mwajiri ikiwa bado hai. Utalipa milioni 1.6 ambayo kwa macho ni ya bure. Omba pia barua kutoka bima ya sasa inayoonyesha mmekuwa wanachama tangu lini, kwani zipo kampuni zinazopunguza muda wa kusubiri kwa anayehama bila kukatika. Na katika fomu iandikeni presha. Ikifichwa, mtalipa ada miaka kumi na dai litakataliwa kwa sababu ya mstari mmoja, na hata mkilifikisha kwa Msuluhishi wa migogoro ya bima mtakuwa mmekwenda bila hoja.

Kabla ya yote hayo pita ofisi ya ZHSF. Mfuko huo wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza 2023 na watumishi wa umma, nawe unapaswa kujua masharti yake kwa asiye mwajiriwa kabla hujasaini mkataba na kampuni. Ukipokelewa kwa mchango unaoumudu, huo unakuwa msingi, na bima binafsi inabaki kwa yale mfuko usiyoyafikia. Kama kinachomtatiza mumeo katika bima ni riba, takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo Zanzibar; mpime masharti yake kwa maswali yale yale, kwa sababu ukomo na muda wa kusubiri humo pia vimo.

Mikarafuu iacheni ilipo. Mkarafuu hubeba sana mwaka mmoja kisha ukapumzika, na maradhi hayangoji mwaka wa mavuno. Shamba linalouzwa wakati mgonjwa yuko kitandani huuzwa kwa bei ya mnunuzi, kila mtu wa kijiji anajua kwa nini unauza, na likiwa la urithi utahitaji pia saini za ndugu ambao mmoja yuko Unguja na mwingine Maskati. Hatifungani ya miaka 20 nayo huuzika, lakini ukiiuza kwa haraka unaweza kupata chini ya ulichoweka. Akiba ya maradhi iwe mahali inapotoka upesi: milioni 4 katika akaunti ya benki kwa tiketi na amana, maana hospitali binafsi nyingi hudai fedha mlangoni kabla bima haijatoa idhini, na milioni 16 katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao fedha zake hupatikana ndani ya siku chache za kazi. Ukichota, rudisha kabla ya kununua hatifungani nyingine.

Na akaunti hiyo ya milioni 4 iwe yenu wawili, kila mmoja aweze kutoa kwa saini yake peke yake. Nimeiona nyumba yenye akiba ya kutosha ikikopa nauli ya boti kwa jirani, kwa sababu mwenye kadi na namba ya siri ndiye aliyekuwa amelala wodini hajitambui. Katika nyumba yenu anayeshika fedha ni wewe, na hesabu yote hapa tumeifanya kana kwamba atakayeugua ni yeye. Mpeleke benki wiki hii, kisha muonyeshe hati ya bima inakaa kwenye kabati gani.